Nilidhani ni kifandugu

Msimu wa korosho wa 2009 nilikuwa utingo wa fuso, tunasomba magunia kutoka Newala kushuka Mtwara. Siku moja nikiteremka juu ya shehena mguu uliteleza, nikafikia makalio kwenye ardhi kavu. Kifandugu, kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo, kilinitesa wiki tatu. Nikikaa kinauma, nikiinuka kinachoma zaidi, nikishasimama kidogo kinatulia. Nikazoea kukaa nimeinama mbele, uzito kwenye mapaja. Kikapona chenyewe.

Baada ya miezi miwili maumivu yakarudi, nami nikalaumu lile anguko. Lakini safari hii yalipwita hata nikilala kifudifudi, usiku homa, na asubuhi chupi ina doa bichi lenye harufu. Muuza duka la dawa alinipa vidonge vya kuua bakteria. Uvimbe ukanywea, kisha ukarudi mkubwa kuliko mwanzo.

Hospitalini nilimkuta daktari mtu mzima. Kabla hajanigusa aliuliza maswali niliyoona hayahusu: choo kinatoka damu? Mkojo unauzuia? Miguuni au kule unapokalia hupati ganzi? Alinieleza kwamba maumivu ya pale huweza kutokea kiunoni au kwenye njia ya haja kubwa, na anayepoteza hisia pale na kushindwa kuzuia mkojo hasubiri hata siku moja.

Akanilaza kifudifudi, akabonyeza ncha ya kifandugu. Sikusikia kitu. Akapanda juu kidogo, kwenye mfereji wa makalio, nikapiga kelele.

"Mwanangu, mfupa wako mzima. Hapa kuna kijitundu, na kina nywele."

Akaichomoa moja kwa koleo, akanionyesha: nyeusi, fupi, imelowa usaha. Nywele hukatika, msuguano wa kukaa ukazisukuma ndani ya ngozi, pakajengeka kifuko. Wanaopatwa sana ni vijana wenye manyoya mengi. Wanajeshi wa Marekani walipatwa wengi mno vita kuu ya pili, hata wakauita ugonjwa wa Jeep, kwa jina la yale magari ya kijeshi waliyokuwa wakipanda. Mimi kwenye fuso nilikuwa mwenzao.

Jipu lililokomaa haliponi kwa vidonge peke yake, lazima usaha utoke. Alinichoma ganzi, akapasua kando kidogo ya mstari wa katikati kwa kuwa pale katikati kidonda hupona kwa shida. Hakushona. Kidonda kilitakiwa kujaa nyama kutoka chini, kikisafishwa kila siku kwa maji ya chumvi na kubadilishwa shashi.

Mwenyewe sikufikia. Kazi ikamwangukia mama, kule Mikindani, wiki sita. Siku ya kwanza nilijifunika uso kwa kanga yake.

"Nimekuosha hapo kabla hujajua kuona haya," alisema. "Tulia, shashi inaning'inia."