Kilo 164 zilizopotea kwenye jumla, na pembetatu za kijani zilizokuwa zimezimwa

Naweka hesabu za kikundi chetu cha wafugaji nyuki hapa Tabora. Msimu uliopita tulipokea asali ya watu kumi na wawili. Tisa niliwapimia mwenyewe, watatu walipimiwa kituo kingine, na kilo zao zikaletwa kwenye fleshi nikazinakili chini ya zangu kwenye Excel.

Jioni mama mwenyekiti alikaa pembeni yangu na daftari lake.
"Mwanangu, kilo ngapi jumla?"
"Mia tatu themanini na sita, mama."
"Na pesa?"
"Milioni tatu na laki tatu."
Akanyamaza kidogo. "Kilo tunanunua elfu sita. Hizo pesa ni za kilo mia tano na hamsini."

Alikuwa sahihi. Niliangalia fomula mara tatu, zote zilikuwa sawa: `=SUM(B2:B13)` kwa kilo, na kila mstari kilo mara bei. Hakuna alama yoyote ya onyo iliyokuwepo kwenye karatasi nzima, na hilo ndilo lililonipoteza muda.

Kesho yake nilipeleka faili kwenye stesheneri kuchapisha. Lilipofunguka kwenye kompyuta yao, niliona pembetatu mbili ndogo za kijani kwenye kona ya juu kushoto ya B11 na B13. Faili ni lile lile, ila kwangu hazikuwepo. Hapo nikajua kwamba ukaguzi wa makosa ni mpangilio wa Excel kwenye kompyuta, hausafiri na faili. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, na mtu aliyekuwa nayo kabla yangu aliuzima.

Niliporudi nyumbani nilifungua File, kisha Options, kisha Formulas. Chini ya Error Checking, kisanduku cha "Enable background error checking" hakikuwa na tiki. Nikakiweka tiki, OK, nikarudi kwenye karatasi. Bado hakuna kitu. Nikarudi kule kule na kushuka hadi "Error checking rules", ambako kila kanuni ina kisanduku chake. Kanuni niliyoihitaji, "Numbers formatted as text or preceded by an apostrophe", nayo ilikuwa imezimwa. Kisanduku cha juu kikiwa wazi, kanuni hazifanyi kazi hata ziwe na tiki. Kikiwa na tiki, kanuni iliyozimwa inabaki imezimwa. Lazima uwashe vyote viwili. Safari hii B11 na B13 zikatokeza pembetatu.

Lakini B12 ilikuwa katikati yao, imetoka fleshi ile ile, na haikuonyesha kitu. Kumbe huko kituoni mtu alishabofya "Ignore Error" kwenye seli hiyo, na uamuzi huo, tofauti na mipangilio, huhifadhiwa ndani ya faili. Ndiyo maana hata stesheneri haikuonekana. Dawa yake ipo sehemu ile ile ya Error Checking: kitufe cha "Reset Ignored Errors". Nikakibofya, ya tatu ikatokea.

Seli hizo tatu zilikuwa 81.5, 55 na 27.5, jumla 164, ambayo ndiyo tofauti kati ya 386 na 550. Safu yao ya awali ilikuwa imepangwa kuwa maandishi, na `SUM` inapojumlisha safu ya seli haihesabu namba iliyoandikwa kama maandishi. Kuzidisha, kinyume chake, huigeuza namba hiyo kimyakimya, kwa hiyo `=B11*C11` ilitoa malipo sahihi. Hakuna mfugaji aliyepunjwa. Kilichoharibika ni jumla ya kilo, ambayo ndiyo tungempa mnunuzi.

Kubadilisha mpangilio wa seli kuwa namba peke yake hakukusaidia, maandishi yalibaki maandishi. Nilichagua seli tatu nikianzia kwenye yenye pembetatu, nikabofya alama ya onyo iliyojitokeza pembeni, nikachagua "Convert to Number". Namba zikahama kutoka upande wa kushoto wa seli kwenda kulia, na jumla ikawa 550 pale pale.

Pembetatu haioni kila kitu. Ukiandika `28kg` kwenye seli, hayo kwake ni maneno tu, haitapiga kelele, na `SUM` itayaruka vilevile. Kwa hiyo chini ya safu ya kilo sasa naweka pia hizi mbili:

```
=COUNT(B2:B13)
=COUNTA(B2:B13)
```

Ya kwanza huhesabu namba tu, ya pili kila seli yenye kitu. Siku ile zingeniambia 9 na 12. Mama mwenyekiti sasa huanza kuuliza hizo mbili kabla hajauliza kilo.