Jikoni na shangazi

Ilikuwa siku ya tatu ya matanga ya babu, kule Muheza. Sebuleni wanawake walijaa mkekani, na mtoto wa wifi yangu, mwenye miezi 10, alikuwa akiharisha tangu alfajiri. Wifi alipomsogeza kifuani anyonye, shangazi akamzuia. "Muache kwanza. Ukimpa maziwa au maji, tumbo linazidi kufunguka." Wazee wenzake wakaitikia. Wifi akajifunika khanga.

Moyo ulinienda mbio. Mtoto anayeharisha humalizwa na kuishiwa maji mwilini, na pale tulikuwa tunamnyima. Lakini shangazi ndiye mkubwa aliyebaki upande wa baba. Ningemwambia "si kweli" mbele ya wakwe na majirani, angeshikilia neno lake ili asiaibike, na wifi asingethubutu kumvuka.

Nikasema, "Shangazi, njoo unionyeshe sufuria za wageni." Nikamwomba wifi naye amlete mtoto abadilishwe nepi.

Jikoni nilianza kwa kuuliza. "Shangazi, hili la kumnyima mlilionaje?" Akanieleza alivyolea wadogo zake: kila wakinyonya, wanachafua hapohapo. Nikamwambia alichokiona ni kweli, maana kitu kikiingia tumboni utumbo husukuma kilichotangulia. Ila maji mengi anayokunywa mtoto hubaki mwilini, na ndiyo yanayomwokoa. Kisha nikabana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili na kuiachia. Ilirudi taratibu, badala ya kuruka mara moja. Shangazi akabana mwenyewe, akatazama. Akabana tena.

"Amekauka huyu," akasema kwa sauti ndogo.

Angekataa, ningelisema sebuleni vilevile, na lawama ningebeba. Hakukataa. Nilimtuma kijana duka la dawa alete pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, nikamwonyesha shangazi kipimo: pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita. Wengi huichanganya kwenye kikombe, ikawa kali mno na kumdhuru mtoto.

Tuliporudi, sikufungua mdomo. Shangazi ndiye aliyesema, "Jamani, zamani tuliwanyima, lakini ngozi ya huyu imelegea. Mnyonyeshe, mwanangu, na maji nitampa mimi, halafu twende zahanati." Hakuna aliyeuliza tulizungumza nini jikoni.

Akampakata na kikombe na kijiko. Kwenye kijiko cha sita mtoto akatapika, mama mmoja akaguna, "Si unaona?" Shangazi akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga yake. "Tunangoja dakika 10," akamjibu, "halafu tunaendelea polepole."