Doa jeusi kuliko yote halikuwa saratani

Skani ya mifupa haionyeshi saratani. Inaonyesha mahali ambapo mfupa unajenga mfupa mpya, na mfupa hujenga kwa sababu nyingi. Dawa tunayochoma kwenye mshipa, teknesiamu-99m yenye mionzi ambayo kamera huionyesha kama weusi, iliyoungwa na MDP, kemikali inayopenda mfupa, hunasa kwenye madini ya mfupa mpya, hasa pale ambapo seli zinazojenga ziko kazini na damu inapita kwa wingi. Mfupa uliovamiwa na saratani ya tezi dume hujenga kwa nguvu. Mfupa uliovunjika nao hujenga. Goti lililochakaa kwa miaka ya kupiga magoti hujenga vilevile. Kwenye picha vyote vitatu ni weusi ule ule, ndiyo maana kwa mwanamume aliyepita miaka 60 ni nadra kukutana na skani isiyo na doa hata moja.

Nilipoanza kusoma skani hizi katika hospitali moja ya Dar es Salaam, jicho langu lilikimbilia doa jeusi zaidi. Nadhani kila anayeanza hufanya hivyo. Aliyenifundisha alinizuia kwa swali moja aliloliuliza kwa kila doa bila kuchoka: "Liko wapi ndani ya mfupa?" Hakutaka jina la mfupa peke yake. Alitaka kujua liko upande gani, mbele au nyuma, ukingoni au katikati, limevuka mpaka wa mfupa au limebaki ndani. Swali hilo ndilo nililokuja kulitegemea, na sababu yake ni ya kimwili kabisa. Uchakavu hukaa palipo na msuguano na uzito, yaani kwenye viungo na kingo za diski. Seli za saratani husafiri kwa damu na kutua kwenye uboho mwekundu, na kwa mtu mzima uboho huo umebaki zaidi kwenye pingili za uti wa mgongo, nyonga, mbavu, mfupa wa kidari, fuvu, na ncha za juu za mapaja na mikono. Ndani ya pingili, mara nyingi hutua kwanza sehemu ya nyuma ya mwili wa pingili, kwa sababu ndiko mishipa ya vena inakoingilia, kisha hutambaa kuelekea pedikeli, ile nguzo fupi inayounganisha mwili wa pingili na upinde wake wa nyuma.

Nitaeleza kwa mgonjwa mmoja, kwa sababu kwake karibu kila aina ya doa ilijitokeza.

Alikuwa mzee wa miaka 71, fundi mwashi aliyestaafu. Kipimo cha nyama ya tezi dume kilikuwa kimethibitisha saratani, Gleason 4+4, yaani alama za saratani kali chini ya hadubini, na PSA yake, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ilikuwa 24. Kiuno kilimuuma. Daktari aliyemtuma alitaka kujua jambo moja: je, saratani imefika kwenye mifupa? Jibu ndilo lingeamua kama bado kuna njia ya kutibu tezi peke yake kwa mionzi au upasuaji, au matibabu yaanze na dawa za kushusha homoni mwili mzima.

Kabla ya kuchomwa dawa nilikaa naye. Nusu ya usomaji huwa imo kwenye mazungumzo haya, na huwa simwachii mtu mwingine.

"Shikamoo mzee. Hebu nionyeshe kwa kidole panapouma."

"Marahaba, daktari. Hapa," akabonyeza chini kabisa ya mgongo, upande wa kulia. "Nikisimama muda mrefu ndiyo zaidi. Nikilala panatulia."

"Usiku maumivu hayakuamshi?"

"Hapana. Hapa juu kidogo kuna kitu kizito tu, lakini hakinisumbui."

Nikamuuliza kama aliwahi kuanguka. Akafikiri, akasema mwezi uliopita aliteleza bafuni na kujigonga mbavu za kushoto kwenye ukingo wa karo. Hakwenda hospitali. Hakuna karatasi yoyote ya rufaa iliyotaja ajali hiyo, na isingetajwa kama nisingeuliza.

Tulimchoma dawa yenye mionzi ya megabekereli 740, akanywa maji mengi, na baada ya saa tatu akalala chini ya kamera. Kabla ya kupanda alikwenda kukojoa, na jambo hili tunalisimamia kwelikweli: dawa isiyonasa kwenye mifupa hutoka kwa mkojo, na kibofu kilichojaa hufunika mifupa ya kinena na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Tone la mkojo kwenye suruali nalo linaweza kuonekana kama doa la paja. Likitokea, tunamnawisha, tunambadilisha nguo na kurudia eneo hilo.

Picha zilipofunguka nilianza na figo. Zilionekana vizuri pande zote mbili. Figo zikififia huku mifupa yote ikiwa myeusi sana na sawasawa, huenda saratani imetapakaa kote hadi hakuna dawa iliyobaki ya kwenda kwenye figo, na picha hiyo humdanganya msomaji kwa sababu inaonekana safi, bila doa moja lililojitenga. Kwa mzee huyu haikuwa hivyo.

Kisha nikapunguza mwangaza hadi madoa makali yakaacha kumeza majirani zao, halafu nikauongeza tena kutafuta yaliyofifia. Huwa sisomi kwa mwangaza mmoja. Nilibaki na makundi haya: magoti yote mawili, bega la kulia, doa jeusi sana chini ya kiuno upande wa kulia, madoa mawili kwenye mbavu za kushoto, na kivuli chepesi katikati ya mgongo ambacho kwa mwangaza wa kawaida kilikuwa karibu kupotea.

Magoti na bega hayakunichukua muda. Weusi ulikaa pande zote mbili za kiungo, ukifuata nyuso zinazosuguana, na chini ya goti saratani hufika mara chache sana.

Mbavu zilihitaji kutazamwa kwa utulivu kidogo. Madoa yalikuwa mafupi, ya duara, kwenye ubavu wa saba na wa nane, moja chini ya jingine kwenye mstari ulionyooka kama shanga mbili za uzi mmoja. Pigo moja huvunja mbavu jirani kwa mpangilio huo. Saratani ikiingia ubavuni mara nyingi hutambaa kwa urefu wa ubavu, na doa lake huwa refu. Nikikumbuka ukingo wa karo, niliandika kuwa ni mivunjiko.

Yakabaki mawili ya uti wa mgongo, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Doa la kiunoni lilikuwa kali kuliko yote mwilini, likashinda hata magoti. Lilikuwa kati ya pingili za kiuno ya nne na ya tano, na picha ya nyuma ilionyesha linachomoza nje kidogo ya mstari wa pingili. Hilo la kuchomoza ni dalili ya mwiba wa mfupa, ule unaoota ukingoni pale diski inaposinyaa. Lakini picha bapa inalaza kila kitu juu ya kingine. Kiungo kidogo cha nyuma ya pingili na pedikeli huangukia karibu sehemu moja, na kimoja huashiria uchakavu wakati kingine kinaashiria saratani. Kuamua kwa picha bapa peke yake hapa ni kubahatisha. Nikaomba SPECT, ambapo kamera humzunguka mgonjwa na kutupa vipande vya eneo hilo kutoka kila upande. Kwa mgonjwa ni kulala kama dakika 20 zaidi.

Vipande vilionyesha weusi wa kiunoni ukiwa kwenye kingo mbili zinazotazamana, juu na chini ya diski ile ile, na kwenye kiungo kidogo cha nyuma cha upande wa kulia. Pedikeli zilikuwa shwari. Pingili mbili jirani zinazogusana kwenye diski moja, tena pale pale mzee alipobonyeza kidole: huo ni uchakavu.

Kivuli chepesi kilikuwa kwenye pingili ya kumi ya kifua. Kwenye SPECT hakikugusa diski ya juu wala ya chini. Kilianzia nyuma ya mwili wa pingili, upande wa kushoto, kikaingia kwenye pedikeli. Pingili moja tu, ndani ya mipaka yake, kwenye njia ile ile ya damu niliyoieleza. Weusi wake haukufuata kiungo chochote. Ndipo palipo na ule "uzito" aliousema.

Kamera yetu haina CT ndani yake, kwa hiyo niliomba CT ya maeneo hayo na kuiweka sambamba na SPECT. Hapa kuna mtego unaostahili tahadhari: kuhesabu pingili. Mimi hushuka hadi ubavu wa mwisho, ambao kwa kawaida ni wa kumi na mbili, kisha hupanda, na hufanya hivyo kwenye picha zote mbili. Watu wengine wana jozi ya mbavu pungufu au ya ziada, na ukikosea pingili moja utakuta mfupa mzima kabisa na kuitangaza skani kuwa imekosea. Hesabu ilipolingana, CT ilionyesha kiunoni diski iliyosinyaa na mwiba mkubwa wa mfupa upande wa kulia. Kwenye pingili ya kumi palikuwa na kiraka kizito cheupe, nyuma kushoto hadi kwenye pedikeli, bila mwiba wala mvunjiko wa kukieleza. Mbavu mbili zilikuwa na nyufa zinazopona.

Kwenye ripoti sikuandika orodha ya "madoa mengi" na kumwachia daktari wa saratani achambue. Niliandika kila doa na sababu yake, na kwa maneno yanayoonyesha kiwango cha uhakika: magoti, bega na kiuno ni uchakavu, mbavu ni mivunjiko ya karibuni, pingili ya kumi ya kifua inaelekea sana kuwa saratani iliyosambaa. Nilipendekeza pia MRI ya uti wa mgongo, kwa kuwa doa la nyuma ya pingili liko karibu na ugwe wa neva unaopita ndani ya uti, na CT haionyeshi vizuri kama kuna kitu kinachousogelea. MRI ilithibitisha ugonjwa kwenye pingili hiyo moja, na ugwe huo ulikuwa huru.

Matibabu yakaanza na dawa za homoni. Niliomba skani isirudiwe katika miezi michache ya mwanzo, kwa sababu saratani inapojibu dawa mfupa hujenga kwa kasi ili kuziba majeraha, na doa huweza kuwa jeusi zaidi kana kwamba ugonjwa umeongezeka. Iliporudiwa baadaye, PSA ilikuwa imeshuka chini ya 1. Madoa ya mbavu yalikuwa yametoweka. Pingili ya kumi ilikuwa imefifia. Kiuno na magoti vilibaki vyeusi vilevile, na kwa maumivu ya kiuno mzee alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.