Ukatibu wa kikoba ulivyonipa la kusema kwenye usaili

Nilipomaliza chuo, kila tangazo la kazi lilitaka uzoefu wa kusimamia watu. Nafasi za kujitolea zilikuwepo, ila nyingi zilikuwa za kugawa vipeperushi na kupanga viti kwenye makongamano. Kazi hizo zina heshima yake, lakini mwajiri akikuuliza uliamua nini, huna jibu. Kwa hiyo kila nafasi niliipima kwanza: nitaamua jambo lolote? Nitaacha maandishi gani? Nani atathibitisha?

Kikoba cha mtaani kwetu Morogoro kilikuwa kinatafuta katibu, nikaomba.

Vikao vilikuwa vya kila wiki. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, kwa hiyo halifunguki mpaka wote wawepo. Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, nami naandika hisa, marejesho na faini, kisha nasoma salio kabla sanduku halijafungwa. Jumla ya daftari isipolingana na fedha, hakuna anayeondoka. Hapo ndipo nilipojifunza kutunza kumbukumbu za fedha.

Uongozi wenyewe niliujua kwenye deni. Mwanachama mmoja mwenye hisa za shilingi 100,000 alikopa 300,000, maana katiba yetu iliruhusu mara tatu ya hisa. Alirejesha 120,000, kisha akaacha kuja. Baadhi walitaka wakabebe televisheni yake. Mwenyekiti, mama mtu mzima, akanigeukia: "Mwanangu, katiba inasemaje?" Nikasoma kifungu cha wadhamini: wao ndio wa kuulizwa kwanza. Nikaenda nao kwake jioni, tukakuta genge lake limefungwa kwa sababu mtoto alikuwa amelazwa. Tukakubaliana 180,000 zilizobaki azilipe 30,000 kwa wiki sita, na wiki akikosa wadhamini wajazie. Nikaandika muhtasari, wote wakatia saini. Wiki ya tatu wadhamini walijazia. Deni likaisha kwa wakati.

Kwenye wasifu wangu sikuandika "nilijitolea katika kikundi". Niliandika: katibu wa kikundi cha akiba na mikopo chenye wanachama 25, niliandaa mihtasari ya vikao, nilikagua salio kila wiki na niliratibu urejeshaji wa deni lililochelewa. Mwenyekiti akanipa barua yenye majukumu hayohayo pamoja na namba yake ya simu.

Nafasi niliyoomba ilikuwa ya msaidizi wa miradi katika shirika moja. Jopo liliniuliza: "Uliwahi kuongoza watu ambao huwezi kuwaamuru?" Nikawasimulia deni lile, kuanzia hasira za kikao hadi saini za wadhamini. Waliendelea kuniuliza maswali ya undani: nani aliandaa ratiba, ingekuwaje wadhamini wangekataa. Yote nilikuwa nayajua, kwa sababu niliyafanya mwenyewe. Wakanipa kazi, na jukumu langu la kwanza likawa kutembelea vikundi vya akiba na kukagua madaftari yao.