Tusi la Baba

Wiki ya tatu baada ya kiharusi, Baba alikuwa hajatamka neno hata moja. Damu ilikosa kufika upande wa kushoto wa ubongo, mkono wa kulia ukapooza na usemi ukaenda nao. Nikimwuliza mimi ni nani, alinikazia macho, midomo ikacheza, ikatoka "ma… ma" basi.

Asubuhi moja mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliuinua ule mkono. Bega likauma, na Baba akatoa tusi. Tusi zima, zito, limenyooka kama lilivyotoka kwa mtu mzima wa afya. Mama akajifunika uso kwa viganja. Katika maisha yao yote hakuwahi kumsikia akitukana. Mimi nilimwinamia nikilia kwa furaha: "Baba, sema tena, neno lolote." Akajaribu kwa nguvu zote. "Ma… ma."

Nilidhani anagoma. Mtaalamu wa usemi ndiye aliyenitoa ujinga huo. Alianza kuhesabu, "moja", Baba akadakia "mbili, tatu", hadi kumi bila kukwama. Kisha akamwonyesha vidole vinne, akamwuliza ni vingapi. Kimya.

Akanieleza kwamba kupanga sentensi mpya hutegemea zaidi upande wa kushoto, ule ulioumia. Tusi halipangwi. Limehifadhiwa zima pamoja na hisia, na huchomolewa kwa msaada wa sehemu za ndani kabisa ya ubongo na za upande wa kulia, ambazo kwa Baba zilisalimika. Ndiyo maana maumivu yalilitoa, lakini ombi langu halikuweza. Mgonjwa maarufu aliyefariki karibu na Paris mwaka 1861, akiwa chini ya daktari Mfaransa Paul Broca, naye alikuwa na silabi moja tu, "tan", ila akikasirika kwa kutoeleweka, tusi lilimtoka.

Baadaye nilisoma jaribio la Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2009. Watu walitumbukiza mkono kwenye maji ya baridi kali. Waliorudia tusi walistahimili takribani sekunde 40 zaidi kuliko waliporudia neno la kawaida, na mapigo ya moyo yalipanda, kana kwamba mwili umejiandaa kwa vita na maumivu yakapungua makali. Jaribio lao la baadaye lilionyesha kwamba anayetukana kutwa hapati nafuu hiyo sana. Baba, aliyeuweka ulimi wake safi miaka yote, naamini ilimfaa.

Sikungoja kusoma hayo ndipo nimweleze Mama. Nilimwambia jioni ileile: hamtukani mtu, wala hachagui neno, hilo ndilo lililobaki mlangoni.

Kesho yake bega lilipoinuliwa tena, Mama aliushika mkono wake mzima.

"Toa tu, mume wangu," akasema. "Toa."