Saa 4 za kazi, saa 63 za kusubiri: nilivyokiandika upya kifungu cha muda wa kujibu

Kifungu kilichonipa kazi, cha mkataba wa msaada wa programu, kilikuwa kifupi. Mtoa huduma atajibu kila tiketi, yaani kila ombi la msaada, ndani ya saa 4 za kazi, na saa za kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, 09:00 hadi 17:00, kwa saa za Pasifiki. Mtoa huduma yuko California, sisi tuko Dar es Salaam, na programu yenyewe ni ya kuendesha bohari, ambayo kwetu hufunguliwa hata Jumamosi asubuhi. Naeleza hapa nilivyokipima kifungu hicho, nilivyokijadili na kilivyo sasa. Nyakati zote nimeziandika kwa saa 24, kuanzia usiku wa manane, na ndivyo zinavyotakiwa kuandikwa kwenye mkataba wa aina hii ili asiwepo mtu wa kuuliza kama saa 3 ni ya asubuhi au ya alfajiri.

Kabla ya kugombania idadi ya saa, nilichora dirisha, yaani saa ambazo ofisi yao iko wazi, kwa saa zetu. Dar es Salaam iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, mwaka mzima. California iko saa 8 nyuma ya UTC wakati wa baridi, na saa 7 nyuma kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo wanapofungua ofisi 09:00, kwetu ni 20:00 au 19:00, na wanafunga kwetu ikiwa 04:00 au 03:00. Ofisi yetu inafanya kazi 08:00 hadi 17:00. Hakuna hata dakika moja ambayo pande zote mbili ziko kazini.

Tuchukue tiketi moja. Jumamosi tarehe 24 Januari 2026, 09:00, skana za bohari zinakataa kusoma mzigo na tiketi inafunguliwa. Kule ni Ijumaa 22:00, ofisi imeshafungwa. Saa ya mkataba haisogei Jumamosi wala Jumapili. Inaanza Jumatatu 09:00 yao, yaani 20:00 yetu, na saa 4 zinaisha usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, 00:00. Mtoa huduma akijibu dakika moja kabla ya hapo, ripoti ya mwezi itaandika kwamba ahadi imetimizwa. Kwa saa ya ukutani ni saa 63. Tiketi hiyohiyo ingefunguliwa wiki moja nyuma, tarehe 17, zingekuwa saa 87, kwa kuwa Jumatatu ya tarehe 19 ilikuwa sikukuu ya Martin Luther King na mkataba ulifuata sikukuu za Marekani.

Siku za kawaida za wiki ndizo zilizonionyesha tatizo lilipo hasa. Tiketi yoyote tunayofungua Jumanne, iwe 08:00 au 16:45, inaingia kabla dirisha lao halijafunguka, na zote zina mwisho mmoja: 00:00. Sisi tunalisoma jibu 08:00 ya Jumatano. Sasa badilisha idadi. Ahadi ya saa 1 ya kazi ingeisha 21:00. Ahadi ya saa 8 ingeisha 04:00. Zote mbili tunazisoma 08:00 ileile. Mtoa huduma alikuwa ametupa bei ya kupanda kutoka ahadi ya saa 4 hadi ya saa 1, na kwa ofisi isiyo na mtu wa zamu ya usiku malipo hayo yasingenunua chochote. Tangu hapo nimeshikilia msimamo mmoja: dirisha hujadiliwa kwanza, idadi ya saa baadaye.

Ili kuwaonyesha jambo hili bila mabishano, nilitoa orodha ya tiketi kutoka kwenye mfumo wao na kuweka safu mbili kwa kila tiketi: muda kwa mujibu wa mkataba, na muda wa ukutani. Angalizo la kwanza ni ukanda wa saa wa faili lenyewe. Skrini inaweza kukuonyesha saa za kwenu huku faili likitoka kwa UTC au kwa saa za makao makuu yao. Fungua tiketi ya majaribio kwa saa unayoijua, kisha uitafute kwenye faili. Ikipungua saa 3 kamili, ni UTC. Ikipungua 11 au 10, ni saa za Pasifiki. Angalizo la pili ni safu ya jibu la kwanza: hakikisha jibu la mashine linalosema "tumepokea ombi lako" halikuhesabiwa. Yakihesabiwa hayo, wastani wote unaonekana wa sekunde chache.

Mwisho wa kila ahadi niliukokotoa kwa Python. Mzunguko huu unatembea dakika kwa dakika, ni wa polepole kidogo, lakini mtu yeyote anaweza kuukagua:

```python
from datetime import timedelta
from zoneinfo import ZoneInfo

def mwisho(wakati, saa, kanda, anza, funga, sikukuu=()):
    t = wakati.astimezone(ZoneInfo(kanda))
    baki = saa * 60
    while baki > 0:
        if (t.weekday() < 5 and t.date() not in sikukuu
                and anza <= t.hour < funga):
            baki -= 1
        t += timedelta(minutes=1)
    return t.astimezone(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))
```

`wakati` lazima uwe na ukanda wake ndani, vinginevyo Python itachukua ukanda wa kompyuta yako. Kwa kanda tumia majina kamili kama `America/Los_Angeles`, ambayo yanabeba kanuni za kusogeza saa. Kwenye Windows ongeza `pip install tzdata`, la sivyo majina hayo hayatapatikana.

Safu ya ukutani ilifichua jambo ambalo kifungu cha muda wa kujibu hakiligusi kabisa. Fundi wao anaposhika tiketi 22:00 yetu na kuuliza swali, mfumo unaiweka katika hali ya kumsubiri mteja na saa inasimama. Sisi tunajibu 08:10. Hali inarudi, lakini dirisha limefungwa, kwa hiyo saa inaendelea 20:00. Swali moja limekula siku nzima na halionekani popote kwenye ripoti. Maswali matatu ya mfululizo ni siku tatu. Dawa yake ya haraka haikuhitaji mkataba: kila tiketi sasa inaondoka na toleo la programu, saa ya tukio kwa UTC, kumbukumbu za mfumo za dakika 15 kabla na baada, hatua za kulirudia kosa, tulichokwisha jaribu, na ruhusa ya kuingia kwenye akaunti yetu. Ruhusa ndiyo iliyokuwa ikisahaulika zaidi, na swali la kuiomba linakula siku sawasawa na swali gumu.

Kwenye mazungumzo sikuomba wafungue ofisi usiku. Mteja wa ukubwa wetu hana nguvu hiyo. Niliuliza tu ni wapi kwingine wana watu wa msaada, ikatokea wana dawati Dublin ambalo halikutajwa kwenye mkataba wetu. Dublin wakifanya kazi 09:00 hadi 17:00, kwetu ni 12:00 hadi 20:00 wakati wa baridi na 11:00 hadi 19:00 saa zikisogezwa. Hapo tuna angalau saa 5 za kuwa kazini pamoja kila siku. Kwa kubadilishana, tuliwaachia idadi: tukakubali saa 2 kwa tiketi za daraja la pili, yaani zisizosimamisha bohari nzima, ingawa walikuwa tayari kutuuzia saa 1 kwa dirisha la zamani. Kifungu kipya kinasomeka hivi:

"Saa za huduma ni Jumatatu hadi Ijumaa, 11:00 hadi 19:00, kwa ukanda wa `Africa/Dar_es_Salaam`, mwaka mzima. Tiketi za daraja la kwanza zitajibiwa ndani ya saa 1 ya mfululizo, siku zote, pamoja na sikukuu. Tiketi za daraja la pili zitajibiwa ndani ya saa 2 za huduma. Jibu ni ujumbe ulioandikwa na fundi aliyeisoma tiketi. Daraja halitashushwa bila idhini ya mteja iliyoandikwa."

Jina la ukanda limeandikwa hivyo kwa makusudi. Vifupisho kama PST havifai: kwa maana yake halisi PST ni saa 8 nyuma ya UTC, hata Julai ambapo California haiko hapo, na IST inaweza kuwa India, Israeli au hata Ireland wakati wa kiangazi. Na kwa kuwa dirisha limefungwa kwenye saa zetu zisizobadilika, mzigo wa kusogeza saa unabaki kwa anayezisogeza. Wakati wa baridi dawati la Dublin linaanza zamu yetu 08:00 yao. Wenye matawi Kigali, Bujumbura au Lubumbashi wakumbuke kwamba huko ni saa moja nyuma ya Dar es Salaam, hivyo mkataba utaje ukanda mmoja kwa matawi yote.

Sentensi ya kushusha daraja ndiyo waliyoipinga zaidi, na ndiyo nisiyokubali kuiacha. Daraja la kwanza linahesabiwa kwa mfululizo, la pili kwa saa za huduma. Fundi akiishusha tiketi Ijumaa 19:30, saa inasimama hadi Jumatatu 11:00. Bila sentensi hiyo, ahadi ya siku zote inafutwa kwa kubofya mara moja. Tuliwapa ufafanuzi mwembamba wa daraja la kwanza, kwamba bohari nzima haiwezi kupokea wala kutoa mzigo, wakaridhika.

Sikukuu zinakwenda kwa kiambatisho cha kila mwaka chenye tarehe zilizotajwa moja moja. Kuandika tu "sikukuu za kitaifa" kunaacha swali la taifa gani. Eid inategemea mwandamo, kwa hiyo tumeiandika kuwa itathibitishwa kwa barua pepe pindi inapotangazwa.

Mkataba ukishasainiwa, kalenda ya mfumo wa tiketi haijibadilishi yenyewe. Mtu wao lazima aibadilishe, na mimi hukagua kwa tiketi mbili za daraja la pili. Ya Jumanne 08:30 lazima ionyeshe mwisho wa 13:00 siku hiyohiyo. Ya Ijumaa 18:30 inatumia nusu saa kabla ya kufunga na kubakiza saa moja na nusu, hivyo mwisho wake ni Jumatatu 12:30. Majaribio yafanyike mara mbili, Januari na Julai. Tiketi ya Jumanne ikionyesha 13:00 Julai lakini 14:00 Januari, kalenda imefungwa kwenye `Europe/Dublin`, na kila baridi mtakuwa mnapoteza saa moja ya dirisha mliloafikiana.