Siku moja maishani mwangu: daftari la presha la mjamzito

Saa 2:00 asubuhi. Mimi ni muuguzi mkunga katika kliniki ya wajawazito mjini Tanga. Kabla sijaanza kuwapima akina mama waliokaa kwenye benchi, ninafungua ujumbe wa mama mwenye mimba ya wiki 32 aliyepiga picha ukurasa wa daftari lake la presha. Namba zimeandikwa mfululizo kama orodha ya deni la dukani, bila saa wala dalili.

Saa 3:30. Nampigia simu kumuuliza kila kipimo kilichukuliwa saa ngapi, alihisi dalili gani siku hiyo, na kama alikaa dakika tano, miguu ikiwa chini na mkono ukiwa usawa wa moyo. Anajibu, "Ndiyo, nesi, napima mara mbili, asubuhi na jioni, naandika kipimo cha pili." Nafurahi pia kuona namba zisizofanana, kwa sababu daftari lenye 120/80 kila siku hunitia shaka kwamba namba zimekisiwa.

Saa 4:15. Nazipanga upya.

| Siku | Asubuhi | Jioni | Dalili |
|---|---|---|---|
| Jumatatu | 122/76 | 124/78 | hakuna |
| Jumanne | 126/80 | 131/82 | hakuna |
| Jumatano | 130/84 | 136/86 | pete inabana |
| Alhamisi | 134/85 | 138/88 | kichwa kidogo |

Hakuna hata namba moja iliyofika 140/90, na ndiyo maana mama huyu alijiona salama. Lakini jedwali linaonyesha kitu ambacho orodha ilikificha: namba zote mbili zinapanda kila siku, na jioni mbili mfululizo zimevuka 135/85, kiwango ambacho kwa vipimo vya nyumbani kinatosha kuwasiliana na kliniki siku hiyo hiyo. Kadi yake ya kliniki inaonyesha 108/66 katika wiki ya 20. Presha hupanda kidogo kwa kawaida miezi ya mwisho, ila si kwa kasi ya siku nne, tena ikiandamana na uvimbe na maumivu ya kichwa.

Saa 4:30. Namwambia aje leo, asisubiri tarehe ya kadi, na aje na mashine yake. Namweleza kwamba namba ya juu ikifika 160 au ya chini ikifika 110, aende hospitali moja kwa moja; na akiona ukungu machoni, akipata maumivu makali ya kichwa au ya juu ya tumbo, au mtoto akipunguza kucheza, aende hata kama namba ni nzuri.

Saa 7:00 mchana. Amefika. Kipimo chetu kinasoma 142/92, na baada ya robo saa 144/90. Mashine yake inasoma karibu sawa, kwa hiyo si mkanda mdogo uliopandisha namba. Mkojo una protini. Dalili za awali za kifafa cha mimba haziwezi kukataliwa hapa, wala hatuna vipimo vya damu vya ini, figo na chembe sahani.

Saa 8:20. Anaondoka na barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa, jedwali likiwa limebandikwa nyuma ya barua hiyo, ili daktari aone kasi ya kupanda na asiione 144/90 peke yake.